Konfleksi ya asilimia 24 na ya asilimia 8, ipi ina sukari nyingi kweli? Picha za lebo nimeweka

MamaZuu_Tegeta
Habarini wakuu. Dada yangu anaishi Marekani, alivyokuja likizo akatuachia boksi mbili za konfleksi za asali, watoto wamezizoea na sasa zinaelekea kuisha. Juzi supamaketi nimekuta nyingine imetoka Ulaya, ya ngano na zabibu kavu, nikaipiga picha lebo pale pale kwenye shelfu, nikarudi nyumbani nikapiga na ile ya dada nikaziweka kando kando kwenye simu. Ya dada inasema sukari gramu 18, asilimia 24. Ya zabibu inasema sukari gramu 7.5, asilimia 8. Yaani mara tatu! Mimi nimeshaamua kuhamia ya zabibu ila mume wangu anasema kuna kitu nimekosea kusoma, nikimuuliza wapi hana jibu. Mwanangu mkubwa ana miaka 6 na ameshazibwa meno mawili, kwa hiyo hili jambo linaniuma. Picha hizo hapo, naombeni macho yenu.

Chuma_cha_Reli
Dada angalia tarehe kwanza. Vitu vya kuletwa na ndugu vinakaa kwenye begi, vinakaa kabatini, mwisho mnakula kilichoisha muda. Mimi lebo naangalia tarehe tu, mengine baadaye.

MamaZuu_Tegeta
@Chuma_cha_Reli tarehe bado sana, nimeuliza sukari kaka yangu.

Kipara_Ngoto
Hizo asilimia ni mapambo ya wenye kiwanda, usizisome kabisa. Soma gramu. 18 na 7.5, kwisha habari, mumeo aombe radhi.

Mkaguzi_Mstaafu
Mumeo asiombe radhi haraka. Nimekaa maabara ya kiwanda cha biskuti miaka 11 na kazi yangu ilikuwa hizo hizo namba, ngoja tuziangalie taratibu.

Picha ya boksi la dada umeikata juu. Kichwa cha jedwali hakionekani, na ndicho kinachosema hizo gramu ni za kiasi gani cha chakula. Halafu kuna kitu kingine hapo hapo. Sukari jumla umeandika 18 na picha inaonyesha 18 kweli, lakini mstari wa chini yake, sukari ya kuongezwa, unasema 12 na asilimia 24. Hiyo 24 ni ya 12, wala siyo ya 18. Sasa jiulize, konfleksi ya asali isiyo na tunda lolote, hizo gramu 6 za katikati zisizoongezwa zimetoka wapi? Mimi nahisi picha yako imeshika safu ya kulia, ile ya konfleksi ikishatiwa maziwa. Nusu kikombe cha maziwa kina sukari yake ya asili kama gramu 6. Rudi ukapige tena jedwali zima, simu uinyooshe usiipige kwa kuinamisha.

Kipara_Ngoto
Huyu mzee ameona maziwa kwenye picha ya karatasi 😂 haya.

Minesota_Boi
Mzee yuko sawa kabisa. Huku niliko boksi nyingi za konfleksi zina safu mbili, moja kavu moja na maziwa, na zimebanana kiasi kwamba ukipiga picha kwa karibu unapata moja tu. Hapa jikoni nina boksi linalofanana na hilo, safu ya kushoto kalori 150, ya kulia 190. Sukari ya kuongezwa haibadiliki kwenye safu zote mbili maana maziwa hayaongezewi sukari, ndiyo maana asilimia inabaki ile ile.

MamaZuu_Tegeta
Jamani mzee ni mchawi. Nimerudi kuangalia, nilipiga safu ya maziwa kweli. Hii hapa picha mpya nzima, na nimeandika kwa ambao hawaoni vizuri. Ya Marekani kavu: kipimo kikombe 1 ambacho ni gramu 39, kalori 150, sukari 12, ya kuongezwa 12 asilimia 24, sodiamu miligramu 190 asilimia 8, wanga 33, nyuzinyuzi 3. Ya zabibu ina safu ya gramu 100 na safu ya gramu 30. Kwa gramu 100: nishati 1590, sukari 25, chumvi 0.9, nyuzinyuzi 6. Kwa gramu 30: sukari 7.5 asilimia 8, chumvi 0.27 asilimia 5.

Sasa nimeogopa, hiyo ya zabibu kalori 1590??

Mkaguzi_Mstaafu
Usiogope, 1590 ni kilojuli. Ulaya wanatanguliza kilojuli halafu ndo kilokalori, na kwenye picha yako kilokalori ziko mstari wa chini yake, 380. Ukiona namba ya nishati imepita 900 kwa gramu 100 ujue hiyo siyo kilokalori, maana hata mafuta matupu ya kupikia hayapiti 900. Ukitaka kuhakiki gawa kwa 4.184 utaona inaangukia pale pale.

Turudi kwenye sukari. Moja inaongelea gramu 39, nyingine gramu 30, huwezi kuzisimamisha pamoja hivyo, ni kama kulinganisha bei ya fungu la nyanya la Kariakoo na la Tegeta bila kuhesabu nyanya ziko ngapi. Peleka zote kwenye gramu 100. Ya dada: 12 gawa kwa 39 zidisha kwa 100, inakuja karibu 31. Ya zabibu wamekuandikia wenyewe, 25. Kwa hiyo ile mara tatu imeyeyuka. Ya zabibu iko chini, ila kwa kama moja ya tano tu.

Kipara_Ngoto
Ndo nilichosema, asilimia ni uongo. 24 na 8 zimesema mara tatu, ukweli 31 na 25.

Mkaguzi_Mstaafu
@Kipara_Ngoto hapo umeshika nusu. Siyo uongo, kila moja ni hesabu sahihi kwa kigezo chake, shida vigezo ni viwili. Marekani ile asilimia ya sukari inatoka kwenye sukari ya kuongezwa tu, na wameweka kikomo cha gramu 50 kwa siku. 12 kati ya 50 ni 24. Sukari jumla kule hata asilimia hawaiwekei, angalia picha utaona pako wazi. Ulaya wanachukua sukari yote, ya kuongezwa na ya matunda na ya maziwa, na kigezo chao ni gramu 90. 7.5 kati ya 90 ni 8 na kitu. Ukiipima 7.5 hiyo hiyo kwa 50 inakuwa 15. Umeona? Sukari ile ile, bakuli lile lile, lebo moja inasema 8 nyingine ingesema 15.

Asilimia zinafaa ukiwa unalinganisha boksi mbili za mfumo mmoja na kipimo kimoja. Ukivuka bahari ziache, chukua gramu.

Minesota_Boi
Naongezea hapo, watu wengi huku wanadhani ile sevingi ni ushauri wa kiasi cha kula. Hapana, sheria inataka kipimo kifuate kiasi ambacho watu kwa kawaida wanakula, hata kama wanakula kingi. Ndiyo maana walivyobadilisha lebo mwaka 2016 sevingi ya aiskrimu ilipanda kutoka nusu kikombe hadi theluthi mbili, watu walikuwa wanakula zaidi. Mstari wa sukari ya kuongezwa nao umeanza na mabadiliko hayo hayo.

Shemeji_wa_Kigoma
Sevingi ilimdanganya kaka yangu jamani. Ana presha, alishaambiwa apunguze chumvi, akawa anakula tambi zile za kuloweka na maji moto akisema lebo imeandika sodiamu asilimia 35 tu, siku nzima ana 65 zimebaki. Siku moja nikachukua pakti nikasoma na yeye. Pakti gramu 85, sevingi gramu 43. Yaani sevingi ni nusu ya kile kitofali! Nani anakata tambi nusu, nusu anamwekea nani? Sodiamu 800 kwa nusu, pakti nzima 1600 ambayo ni asilimia 70, na yeye usiku alikuwa anapika pakti mbili. Hapo ameshapita 100 na bado hajala ugali. Mstari wa "sevingi 2 kwa pakti" ulikuwepo juu kabisa, kwa herufi ndogo, yeye alianzia macho kwenye asilimia.

Bint_Mvita
Pole kwa kaka. Mimi nataka kurudi kwenye chumvi ya hizo konfleksi maana naona watu wameipita. MamaZuu, ya Marekani wameandika sodiamu 190 na hii ya Ulaya wameandika chumvi 0.9, hivyo si vitu sawa yakhe. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi, mpaka uzidishe kwa 2.5 ndo uipate chumvi. Nami nilijifunza kwa mwanangu, ana kisukari cha aina ya kwanza tangu ana miaka minne, sisi lebo twasoma kila siku kama gazeti.

Kwa hivyo 190 kwa gramu 39 ni kama 487 kwa gramu 100, zidisha 2.5 wapata kama miligramu 1200, yaani gramu 1.2 ya chumvi. Ya zabibu 0.9. Ukitazama bila kugeuza waweza kusema 190 ni ndogo kuliko 900, kumbe ni kinyume.

Na wanga pia ni vivyo hivyo. Lebo ya Marekani nyuzinyuzi zimo ndani ya wanga jumla, ya Ulaya zimewekwa kando. Ile 33 ya boksi la dada toa 3 kwanza ndo uilinganishe. Sisi hilo lilitusumbua sana mwanzo, twapata namba mbili tofauti kwa vyakula vinavyokaribiana na hatujui kwa nini.

MamaZuu_Tegeta
Asante sana dada, Mungu amlinde mwanao. Kwa hiyo mpaka sasa ya zabibu inashinda kwa sukari na kwa chumvi? Kama ni hivyo bado mimi nilikuwa sawa, nilikosea njia tu.

Duka_la_Jumla
Zote mbili mbaya. Uingereza wana ile taa ya rangi, sukari ikizidi 22.5 kwa gramu 100 ni nyekundu. 31 nyekundu, 25 nyekundu. Dada unachagua kati ya nyekundu na nyekundu. Pika uji.

Kipara_Ngoto
Uji wenyewe tunaweka vijiko vinne vya sukari, huo hauna lebo ndo maana hauogopwi.

Duka_la_Jumla
@Kipara_Ngoto vinne unaweka wewe 😂

Minesota_Boi
Ila Duka, mnaihukumu ile ya zabibu kwa sukari ya zabibu zenyewe. Ile 25 ni jumla. MamaZuu hebu soma viungo, wa Ulaya kitu kikiwa kimetajwa kwenye jina la bidhaa lazima waandike ni asilimia ngapi.

MamaZuu_Tegeta
Leo nimeinunua kabisa ili tumalize huu ubishi. Imeandikwa zabibu kavu 15%.

Minesota_Boi
Basi kwenye gramu 100 kuna gramu 15 za zabibu. Zabibu kavu kama asilimia 60 ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo gramu 9 hivi zinatoka humo. 25 toa 9 inabaki 16 ya kuongezwa. 16 dhidi ya 31, hiyo ni nusu, siyo moja ya tano. Ukilinganisha ya kuongezwa kwa ya kuongezwa dada alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi.

Mkaguzi_Mstaafu
Hesabu nzuri ila ni makadirio, usiitundike ukutani. Lebo ya Ulaya haitenganishi sukari ya kuongezwa, kwa hiyo hiyo 16 ni yako wewe na mimi, siyo ya kiwandani.

Bint_Mvita
Na meno je? Uzi ulianza na meno ya mtoto. Zabibu kavu zaganda kwenye meno, daktari wa meno wa mwanangu huzikataza katikati ya siku. Kwa damu yaweza kuwa tofauti, kwa meno mimi singeziondoa kwenye hesabu.

Minesota_Boi
Zikiwa kwenye bakuli la maziwa asubuhi halafu anapiga mswaki si sawa na kuzitafuna shuleni. Shirika la Afya Duniani lenyewe haliweki sukari ya tunda zima kwenye kundi la kupunguza.

Bint_Mvita
Tunda zima ni zabibu mbichi. Kavu naona ni mambo mengine. Hapo hatutakubaliana.

FundiKeki_Mbagala
Wote mmekazana na gramu 100, kwani mtoto anakula gramu 100? MamaZuu una mzani wa jikoni? Mimi mizani ya keki ninayo na nilishawahi kupima bakuli la mwanangu, hakuna kipimo cha boksi alichokifuata. Mpe mtoto amimine mwenyewe kama kawaida yake, bakuli lile lile, boksi hizi mbili, upime kabla ya maziwa. Bonyeza sifuri ukiwa umeweka bakuli tupu, usije ukapima na udongo.

Kipara_Ngoto
Bakuli lile lile si uzito ule ule tu?

FundiKeki_Mbagala
Hapana kaka. Konfleksi zimejaa hewa, zabibu ni nzito. Kikombe cha unga na kikombe cha sukari havilingani uzito, muulize yeyote anayeoka.

MamaZuu_Tegeta
Samahani nilichelewa, mzani nimeazima kwa jirani. Nimempa Zuu amimine mwenyewe bila kumwambia kitu. Ya asali imetoka gramu 48. Ya zabibu gramu 70, na bakuli zote mbili zimejaa hadi kwenye ule mstari wa maua. Nimerudia ya zabibu mara mbili maana sikuamini, mara ya pili 68.

Mkaguzi_Mstaafu
Sasa hapo ndipo penyewe. 48 mara 31 kwa mia, karibu gramu 15 za sukari. 70 mara 25 kwa mia, gramu 17.5. Kwa gramu 100 ya zabibu ina sukari kidogo, kwa bakuli la Zuu ina sukari nyingi. Namba zote mbili ni za kweli.

Kipara_Ngoto
Kwa hiyo mume alikuwa sahihi!! Nimebadili upande.

Minesota_Boi
Subiri. Ukitoa ya zabibu, 70 mara 16 kwa mia ni 11. Bado iko chini ya 15. Na nyuzinyuzi kwenye bakuli la 70 ni gramu 4 na zaidi, kwenye la 48 hazifiki 4. Akishiba na la zabibu hatadai bakuli la pili.

FundiKeki_Mbagala
Hilo la kushiba usilikisie, mtoto wa miaka 6 anadai la pili hata kama la kwanza ni la mawe. Ukitaka haki mwekee gramu 40 za kila moja, usimwachie boksi mkononi. Gramu 40 kwa 40, ya asali 12, ya zabibu 10, mambo yanaisha.

Shemeji_wa_Kigoma
Swali la pembeni, hizo asilimia si za mtu mzima? Mtoto wa miaka 6 inakuwaje?

Mkaguzi_Mstaafu
Za mtu mzima zote mbili, anayekula kilokalori 2000. Lebo za Marekani zina vigezo vya peke yao kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, lakini hivyo vinaandikwa kwenye chakula cha watoto wadogo, konfleksi ya familia hutavikuta. Wa miaka 6 yuko katikati hana safu yake. Kama anakula kilokalori 1500 kwa siku, ile asilimia 10 ya nishati ambayo Shirika la Afya Duniani linasema sukari isiizidi inakuwa kilokalori 150, gawa kwa 4, gramu 37 hivi. Kwa hiyo gramu 15 za bakuli la asali kwa Zuu ni 40 kwa mia ya siku yake, siyo 30 ambayo mtu mzima angeisoma.

Chuma_cha_Reli
Nimefuatilia. Na maziwa ya unga je? Mke wangu analinganisha kopo la unga na maziwa ya pakti kwa gramu 100, anasema ya unga yana sukari mara nane.

Mkaguzi_Mstaafu
Gramu 100 za unga ni kopo dogo zima mkuu, huwezi kuzinywa. Tafuta safu ya yaliyokwisha kukorogwa, kama haipo fuata kipimo cha kukorogea kilichoandikwa kopo, koroga kwenye hesabu kwanza ndo ulinganishe na pakti. Gramu 100 inafaa kavu kwa kavu, maji kwa maji.

Duka_la_Jumla
MamaZuu kabla hujatupa risiti, zile zabibu umeziangalia? Kuna konfleksi zabibu zake zimepakwa sukari, ukizishika zinakwaruza. Kama ni hivyo ile gramu 9 ya Minesota haisimami.

MamaZuu_Tegeta
Nimezichambua kwenye lile bakuli la gramu 70, nimepata gramu 10 za zabibu, na kweli zina kama vumbi jeupe. Nimegeuza boksi nikasoma viungo upya, na pale kwenye zabibu kavu 15% kuna mabano nilikuwa nimeyaruka: zabibu, sukari, mafuta ya alizeti. Asilimia ya hiyo sukari ya ndani ya mabano haijaandikwa.

Minesota_Boi
Mh. Basi 16 yangu inapanda. Inaweza ikawa 17, inaweza ikawa 19.

Bint_Mvita
Hebu piga picha hayo mabano utuwekee, na safari hii usikate juu 😊